Jirani aliyegeuzwa mwanamume: nilivyotafsiri wasifu wa mama mdogo

Mama mdogo wangu husuka mikeka na vikapu vya mafunjo mtaani Kaloleni, Kisumu. Mimi naishi Nakuru, nafanya kazi ya ukarani, na katika ukoo wetu mimi ndiye huitwa kila panapotakiwa barua ya Kiingereza. Kwa hiyo vikapu vyake vilipokubaliwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono huko Uingereza, na waandalizi wakaomba wasifu wake mfupi kwa Kiingereza, usiozidi maneno 100 na ulioandikwa kwa nafsi ya tatu, alinipigia simu mimi.

Wasifu wa Kiswahili alikuwa nao tayari. Binti yake alikuwa ameuandika kwa ajili ya faili ya chama chao, na akanitumia kwa wasapu. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, ila jina nimeliondoa:

"Alizaliwa mwaka 1968 mtaani Kaloleni, Kisumu, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto wanane. Alisoma hadi darasa la saba lakini kutokana na uwezo mdogo wa wazazi hakubahatika kuendelea. Alifundishwa kusuka na jirani, ambaye alikuwa akimwita nyumbani kwake kila Jumamosi. Ni mchapakazi hodari, mvumilivu na mwenye bidii, ambaye huwa ufuoni saa kumi na moja kununua mafunjo ya kusukia mikeka na vikapu. Kwa kazi hii amejaaliwa kusomesha watoto wake wanne. Amewahi kushiriki maonyesho mbalimbali Nairobi na Mombasa. Pia ni mwekahazina wa chama cha akina mama."

Ni Kiswahili kizuri. Ukimsomea mtu yeyote wa Kaloleni, atamwona mama mdogo amesimama mbele yake. Nilikitafsiri jioni moja baada ya kazi, kamusi pembeni, sentensi baada ya sentensi, na nilimaliza kabla chai haijapoa. Hiki ndicho nilichotuma:

```
She was born in the year 1968 in Kaloleni estate, Kisumu,
being the third child in a family of eight children. She
studied up to class seven but due to low ability of the
parents she was not lucky to continue. She was taught
plaiting by a neighbour, who was calling her to his house
every Saturday. She is a strong hard worker, patient and
diligent, who is always on the beach at eleven to buy
papyrus for plaiting mats and baskets. Through this work
she has been blessed to teach her four children. She has
ever participated in various exhibitions in Nairobi and
Mombasa.
```

Sentensi ya chama haimo kwa sababu niliikata. Wasifu wa Kiswahili ulikuwa na maneno 84, nami nikadhani ukomo wa 100 ungeniachia nafasi. Nilipomaliza nilikuwa na maneno 113. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja: "hakubahatika" ni neno moja, lakini Kiingereza kilinidai manne, "she was not lucky". Nikaitupa sentensi ya mwisho, nikaona yaliyobaki yamepita kwa maneno matano tu, nikatuma hivyo hivyo.

Baada ya siku tisa waandalizi walirudisha rasimu ya kijitabu chao. Mhariri wao alikuwa amejitahidi kulainisha Kiingereza changu. Pale nilipoandika kwamba mama mdogo amejaaliwa "to teach her four children", yeye alielewa kwamba aliwafundisha watoto wake nyumbani badala ya kuwapeleka shuleni, akaandika hivyo kwa sentensi safi kabisa. Chini yake kulikuwa na swali moja, lililoulizwa kwa upole mwingi. Walitaka kujua kama mama mdogo ameridhika kwamba wasomaji waambiwe habari ya mwanamume aliyekuwa akimwita nyumbani kwake kila Jumamosi alipokuwa msichana, au ingefaa sehemu hiyo iondolewe.

Nililisoma swali hilo mara tatu kabla sijaelewa wanachouliza. Kisha nikaona neno "his" katika maandishi yangu mwenyewe, na mwili ukanifa ganzi.

Jirani yule alikuwa mwanamke. Alifariki kabla sijazaliwa, sikuwahi kumwona, wala Kiswahili cha wasifu hakikuniambia. Hakiwezi kuniambia. "Alikuwa akimwita nyumbani kwake" haina mwanamume wala mwanamke ndani yake. Kiambishi "a" na "kwake" ni vya wote. Kiingereza hakikubali hivyo. Kilinilazimisha nichague "his" au "her", na mimi nikachagua bila hata kujua kwamba nimechagua. Sikumuuliza mtu. Mkono uliandika tu.

Binti yake alikuwa ameshamsomea mama mdogo rasimu ile kwenye simu kabla sijapata ujasiri wa kupiga. Aliponipokea hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, mwalimu wangu amekuwa mwanamume lini?" Halafu akanyamaza. Yule mama ndiye aliyemwita ndani siku alizokuwa anakaa kibarazani akilia kwa sababu wenzake wameenda sekondari. Kumgeuza kuwa mwanamume, na tena kwa namna iliyowafanya wageni wamfikirie vibaya, kulimuumiza kuliko kama ningemkosea yeye mwenyewe. Aliniuliza pia kwa nini chama hakimo, nikakosa la kusema.

Waandalizi walitupa siku kumi. Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu ya kupitia Kericho hadi Kisumu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 1,600, na nilikosa malipo ya siku moja ya kazi. Simu ya dakika ishirini siku ile ya kwanza ingeniokoa na yote hayo.

Nilikaa na mama mdogo kwenye mkeka aliokuwa akiusuka. Nilikuwa nimeuchapisha wasifu wa Kiswahili kwa nafasi kubwa kati ya mistari ili niandike majibu yake juu ya maneno. Kabla ya kuandika Kiingereza chochote, nilizungushia duara kila kiambishi cha mtu asiyetajwa jina: huyu "a" ni nani, mwanamke au mwanamume? Huyu "wa-" ni nani? Kazi hiyo huchukua dakika chache, na tangu siku hiyo siianzi tafsiri ya wasifu bila kuifanya. Maneno ya ukoo na ya heshima nayo huingia kwenye duara: ndugu, jirani, mwalimu, daktari, mkwe, mjukuu. Kiswahili kinayaacha wazi na hakuna anayelalamika. Kiingereza kitauliza jinsia mara tu utakapotaka kumtaja mtu huyo kwa mara ya pili.

Kisha nikamuuliza kuhusu saa. Niliandika kwamba yuko ufuoni "at eleven". Mwingereza akisoma hivyo anaona mwanamke anayefika ufuo wa Dunga jua likiwa limeshapanda, karibu wakati wa chakula cha mchana. Mama mdogo hufika alfajiri, bado giza, wakati wakata mafunjo wanaposhusha mizigo. Saa kumi na moja yetu ni saa tano yao ya asubuhi, "five in the morning". Hakuna Mkenya asiyelijua jambo hili akiulizwa barabarani, hata mimi nilikuwa nalijua. Lakini nilipokuwa natafsiri neno kwa neno sikuwa naona alfajiri wala ziwa. Nilikuwa naona "kumi na moja", na kumi na moja ni "eleven". Sifa kubwa kuliko zote katika wasifu ule, kwamba mama wa umri wake hutoka nyumbani gizani kufuata mafunjo, niliifuta kwa neno moja lisilokuwa na kosa lolote katika kamusi.

Nikafika kwenye "uwezo mdogo wa wazazi". Nilimsomea Kiingereza changu na kumweleza kinavyosikika kwa mgeni: kwamba wazazi wake hawakuwa na akili za kutosha. Alishika mdomo. Sisi tukisema mtu "hana uwezo" katika habari za shule, kila mtu anajua tunasema pesa, na tunalisema hivyo makusudi ili tusimvunjie mtu heshima. "Ability" haibebi pesa. Nikamuuliza, pesa ilikosekana ya nini hasa? Akasema ya sekondari. Darasa la saba alilimaliza na mtihani akafanya. Kwa hiyo sentensi haina haja ya uwezo wala bahati. Wazazi hawakumudu kumpeleka mbele, basi. "Hakubahatika" nayo nikaiondoa, kwa sababu kwetu ni njia ya kupunguza ukali wa maneno, wala hatusemi kwamba palipigwa kura akakosa. "She was not lucky to continue" inamfanya msomaji ajiulize ni bahati nasibu gani hiyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu lilipokaa. Nilikuwa nikiuliza kila neno lina maana gani, na kamusi ilikuwa inanijibu kwa uaminifu. Swali nililopaswa kuuliza ni sentensi hii inafanya kazi gani mbele ya mtu wetu anayeisoma, na ni sentensi ipi ingefanya kazi hiyo hiyo mbele ya mtu wao.

Chukua sentensi ya sifa: "mchapakazi hodari, mvumilivu na mwenye bidii". Kwetu maneno haya ni salamu ya heshima. Yanapoandikwa kwenye faili ya chama, ni kama wenzake wanamsimamia na kumshuhudia. Katika wasifu wa Kiingereza wa maonyesho, msomaji anajua kwamba ingawa umeandikwa kwa nafsi ya tatu, mwenyewe ndiye aliyeuleta. Kwa hiyo sifa tatu mfululizo zinasikika kama mtu anayejipigia ngoma mwenyewe, na zaidi ya hapo hazimwonyeshi mtu yeyote. Wasuka vikapu wote duniani wangeweza kuziandika. Nilimwambia mama mdogo kwamba nataka kuziondoa zote tatu.

"Sasa umenivua nguo zangu zote," alisema, na alikuwa amekasirika kweli. "Ukiniondolea uvumilivu, nimebaki na nini?"

Nilimjibu kwamba amebaki na ile saa kumi na moja. Nikamweleza: msomaji wa kule akisikia kwamba bado, baada ya miaka yote hii, ananunua mafunjo ufuoni saa kumi na moja alfajiri, atalisema neno "mvumilivu" mwenyewe moyoni mwake. Alifikiri kidogo, akauliza kama neno "bado" litakuwamo. Nikasema litakuwamo. Akakubali. Neno hilo "still" halikuwa katika Kiswahili cha kwanza hata kidogo. Nililiongeza kwa sababu ndilo lililobeba uvumilivu baada ya neno lenyewe kuondoka. Mtu anayehesabu maneno upande wa kushoto na kulia ataona nimeongeza kitu. Mama mdogo aliona nimemrudishia.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni "amejaaliwa kusomesha watoto wake wanne". Kosa la kwanza lilikuwa rahisi kulirekebisha. "Kusomesha" kwetu Kenya, mzazi akilisema, ni kulipa karo, kununua sare, na kumsukuma mtoto hadi amalize shule. Kiingereza kina usemi wake wa jambo hilo hasa: "to put children through school". Kamusi iliniambia "teach" na nikaridhika, kwa sababu sikuwa nimejiuliza kama mama mdogo aliwahi kusimama mbele ya ubao.

"Amejaaliwa" ndilo lililokuwa gumu. "Has been blessed" ni Kiingereza sahihi, na wapo wanaokitumia. Lakini katika kijitabu cha maonyesho kinahamisha sentensi nzima kutoka sokoni na kuipeleka kwenye ibada, ilhali kwetu "amejaaliwa" husemwa sokoni, ofisini na matangani bila mtu kugeuka. Jaribio langu la kwanza siku hiyo lilikuwa "She has put four children through school". Nilimtafsiria kwa mdomo: amesomesha watoto wanne. Akatikisa kichwa.

"Hapo najisifu," alisema. "Ni kama mimi ndiye niliyefanya. Mimi sikufanya, Mungu amejaalia."

Alikuwa na haki. Katika neno hilo moja kulikuwa na unyenyekevu, na mimi nilikuwa nimeung'oa pamoja na dini. Nilikaa na sentensi hiyo hadi baada ya swala ya alasiri. Alipotoka kuswali alirudi kwenye kazi yake, na mimi nikawa namtazama akikaza ukingo wa kikapu, ndipo nikaona kwamba naweza kumwondoa yeye mwanzoni mwa sentensi bila kumtaja Mungu kwa wageni: vikapu vyake vimesomesha watoto wanne. "Her baskets have put four children through school." Aliyefanya kazi sasa ni kikapu. Yeye amekaa nyuma yake kama anavyopenda kukaa. Nilipomweleza hivyo kwa Kiswahili alicheka na kusema, "Hiyo ni kweli. Ni vikapu hivi." Ni sentensi ya maneno manane, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kutafsiri.

Mengine yalikwenda upesi. "Kusuka" kamusi yangu iliipa "plait" na "braid", maneno ambayo Mwingereza huyatumia zaidi kwa nywele. Mikeka na vikapu wao husema "weave". Ukitaka kujua neno lipi hutembea na lipi, tafuta maandishi matatu manne yaliyoandikwa na wenye lugha kuhusu kazi hiyo hiyo uone wanasemaje. "Mtoto wa tatu katika familia ya watoto wanane" tuliliondoa. Lilimuuma kidogo, kwa kuwa sisi humtambulisha mtu kwa watu wake kwanza, lakini kwenye maneno 100 wasomaji wale walihitaji kujua anachofanya kabla ya kujua alikozaliwa. Kwa hiyo kazi yake ikaenda mwanzo kabisa, na kuzaliwa kukafuata katika sentensi hiyo hiyo. Kaloleni nayo ikaondoka, Kisumu na Kenya zikabaki.

Chama kilirudi, na kilirudi kwa jina lake. "Women's association" ingeweza kuwa kikundi chochote kile. "Chama" ikiachwa kama ilivyo na kufuatiwa na maelezo mafupi, kwamba ni kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, inamfundisha msomaji neno moja na haimsumbui. Huwa naacha neno moja tu la Kiswahili katika wasifu mfupi, mawili kwa nadra sana. Yakizidi, msomaji anaanza kuruka.

"Amewahi" naitaja peke yake kwa sababu nimeiona kwenye wasifu nyingi za watu wetu tangu hapo, hata za wasomi. Tunaona "-wahi" na mkono unaandika "ever": "She has ever participated". Kiingereza hutumia "ever" hivyo katika swali, lakini katika maelezo ya kawaida hakiitaki kabisa. "She has exhibited in Nairobi and Mombasa" inatosha. "Has" peke yake imeshabeba ule "wahi". Na ukitaja mwaka, hata "has" inabidi iondoke. Sisi twaweza kusema "ameshiriki mwaka 2019" na hakuna anayeshtuka, ila wao husema "exhibited in 2019". Hili la mwaka lilinikosesha baadaye nilipomtafsiria mwanachama mwingine wa chama kile, na nililigundua nilipokuwa nimeshatuma.

Jioni ile nilifanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya Nakuru. Niliweka karatasi ya Kiswahili chini ya mto, nikachukua ukurasa mtupu, na nikaandika Kiingereza kwa kumkumbuka mama mdogo akizungumza. Kiswahili kikiwa mbele ya macho, sentensi zake huvuta za Kiingereza zifuate mpangilio wake: "akiwa mtoto wa" inazaa "being the", na "alikuwa akimwita" inazaa "was calling". Nilipomaliza nilitoa karatasi na kulinganisha jambo kwa jambo: mwaka, miji, idadi ya watoto, saa, Jumamosi, chama. Hapo kamusi na karatasi ya asili zina kazi kubwa, kwa sababu kuandika kwa kumbukumbu kunaweza kukupotezea mambo ya kweli. Nilikuta nimesahau Mombasa.

Asubuhi nilimsomea mama mdogo, ila sikumsomea Kiingereza. Nilimsimulia kwa Kiswahili kile ambacho mgeni atakielewa, kana kwamba mimi ndiye mgeni: "Kuna mama anasuka vikapu na mikeka ya mafunjo Kisumu. Aliacha shule baada ya miaka saba..." Alinisimamisha mara moja tu, kwenye jirani. Nilikuwa nimeandika "a neighbour taught her in her house", na kwa kuisimulia ndipo nilipoona kwamba "her" ya pili haielezi ni nyumba ya nani, ya mwalimu au ya mwanafunzi. Pia jinsia ya jirani ilikuwa bado imejificha. Tukaandika "the woman next door", maneno manne ambayo hayaachi mwanya.

Kabla ya kutuma nilipita Nakuru kwa mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza miaka mingi, rafiki wa baba. Nilimpa Kiingereza tu, bila Kiswahili, na nikamwomba aniambie ameelewa nini kuhusu mama huyu. "Binti yangu, hutaki nikusahihishie?" aliuliza. Nikamwambia, "Mwalimu, kwanza niambie umemwona nani." Akanieleza, na alikuwa mama mdogo. Alisahihisha kitu kimoja: niliandika "at 5 am in the early morning", akasema hiyo ni alfajiri mara mbili.

Haya ndiyo yaliyochapishwa, ila kijitabuni jina lake ndilo lililokaa mahali pa "She" ya kwanza:

```
She weaves baskets and mats from papyrus in Kisumu, Kenya,
where she was born in 1968. She left school after seven
years because her parents could not afford to send her
further. On Saturdays the woman next door called her over
and taught her to weave. She still buys her papyrus on the
shore of Lake Victoria at five in the morning. Her baskets
have put four children through school. She has exhibited
in Nairobi and Mombasa, and is treasurer of her chama, a
women's savings group.
```

Ni maneno 87. Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa 105 na ilikuwa imeacha chama nje.

Wasifu wa Kiswahili hatukuugusa. Binti yake alitaka tuurekebishe ufanane na wa Kiingereza, nikakataa. Ule uliandikwa kwa watu wanaotaka kujua yeye ni mtoto wa ngapi na ni mtu wa tabia gani, na unawajibu sawasawa. Ukiupunguza ulingane na maneno 87 ya wageni, wa Kaloleni watauliza kwa nini umekuwa baridi.

Nakala mbili za kijitabu zilifika Kisumu kwa posta miezi miwili baadaye. Mama mdogo alinipigia simu akitaka nimwonyeshe ni mstari upi unaomtaja jirani. Nikamwambia ahesabu hadi sentensi ya tatu, atafute neno "woman". Alilipata, akalisoma herufi kwa herufi. Nakala moja aliibakisha kwake. Nyingine alimpelekea binti wa yule mama, anayeishi bado kwenye nyumba ile ile, mlango wa pili kutoka kwake.